Daladala ilikuwa spidi ngapi? Jibu linaweza kuwemo kwenye kamera ya teksi iliyoegeshwa

Ajali ikitokea barabara ya Bububu, kabla hata majeruhi hajapakiwa kwenye gari, ubishi huwa umeshaanza. Dereva atasema alikuwa anakwenda taratibu tu. Shahidi wa kibanda cha chipsi atasema gari ilikuwa inapaa. Mwengine ataapa kuwa ilikuwa 80, ukimuuliza amejuaje atakwambia "si tuliiona".

Ukweli ni kwamba jicho la mtu aliyesimama kando ya barabara halijui kupima spidi. Gari yenye injini ya kelele huonekana ina mbio zaidi kuliko gari kimya, na gari ndogo huonekana ina mbio kuliko basi hata kama zimefuatana.

Lakini siku hizi teksi nyingi na gari za watalii zina kamera ndogo kwenye kioo cha mbele, kamera ya dashibodi. Video yake haina sindano ya spidi ya gari jingine, ila ina vitu viwili vinavyotosha: saa na rula. Saa ni fremu, yaani zile picha moja moja zinazopangwa kufanya video. Rula ni kitu chochote kwenye picha ambacho urefu wake wa kweli unajulikana.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwenye mazingira ambayo kila anayepita Bububu atayatambua.

Teksi imeegeshwa nje ya duka, pua imeelekea barabarani, kamera inarekodi. Toyota Hiace ya abiria inatoka upande wa Mahonda kuelekea mjini na inakatisha mbele ya kamera, kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwengine. Mita chache mbele, nje ya picha, inamgonga kijana wa bodaboda aliyekuwa akitoka uchochoroni. Kijana amevunjika mguu. Kibao cha hapo kinasema 50. Dereva anasema alikuwa 45, watu wanasema 80.

Kamera haikuiona ajali. Imeiona Hiace ikipita tu, kwa muda wa sekunde moja na kitu. Hiyo inatosha.

Rula iliyofungwa chini ya gari

Wengi wakiambiwa wapime spidi kwenye video hufikiria kupima barabara. Rula nzuri zaidi inatembea na gari yenyewe: ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma.

Umbali huo hupangwa kiwandani na haubadiliki gari ikipakwa rangi, ikibandikwa bampa au ikiwekewa keria ya mizigo juu. Kwa Hiace ya umbo lililoanza kutengenezwa 2004, ile ya kawaida, ni mita 2.57. Kwa Toyota IST ya mwanzo, ambayo imejaa mitaani, ni mita 2.50. Kama gari bado ipo, kwa mfano imewekwa kituo cha polisi, utepe wa fundi seremala unamaliza kazi kwa dakika moja.

Kinachofuata ni kuchagua alama moja isiyotikisika kwenye picha. Nguzo ya umeme iliyo ng'ambo ya barabara inafaa sana. Video inasogezwa fremu moja moja mpaka katikati ya gurudumu la mbele ifike kwenye mstari wa nguzo. Namba ya fremu inaandikwa. Halafu inasogezwa tena mpaka gurudumu la nyuma lifike kwenye nguzo ile ile.

Kati ya matukio hayo mawili gari imesogea mita 2.57 kamili, si zaidi si pungufu.

Uzuri wa njia hii hauonekani mara moja, na ndiyo sababu inafaa kutangulizwa. Haijalishi kamera iko umbali gani na barabara. Haijalishi kama inaitazama barabara kwa mshazari. Wala haijalishi kwamba lenzi za kamera hizi ni pana na huzipinda nguzo zilizo pembeni. Magurudumu yote mawili yamepita sehemu moja ya picha, kwa hiyo upotoshaji wowote ulioligusa la mbele umeligusa na la nyuma vile vile. Sharti ni moja: kamera isisogee, na gari iwe inakwenda mstari ulionyooka, haikati kona.

Hesabu ya kwanza, na kwa nini haitoshi

Tuseme gurudumu la mbele linafika kwenye nguzo fremu ya 412 na la nyuma fremu ya 417. Hapo pana mtego wa watoto wa shule: ukihesabu picha utapata sita, 412 hadi 417, lakini muda unaotafutwa ni nafasi zilizo kati ya picha, na hizo ni tano.

Kamera inarekodi fremu 30 kwa sekunde. Nafasi tano ni sekunde 5 gawanya kwa 30, yaani 0.167. Mita 2.57 gawanya kwa 0.167 ni karibu mita 15.4 kwa sekunde. Kugeuza kuwa kilomita kwa saa unazidisha kwa 3.6, unapata 55.5.

Basi dereva kakamatwa? Bado.

Gurudumu halikungojea kamera ipige picha ndipo liguse nguzo. Huenda liligusa katikati ya fremu mbili. Kama kweli zilikuwa nafasi nne, spidi ni 69. Kama zilikuwa sita, ni 46. Anayeleta jibu la 55.5 peke yake hajapima kitu, maana jibu lake la kweli ni "kati ya 46 na 69", na humo dereva anaweza kuwa na hatia au asiwe nayo.

Dawa ni kutazama vipande vya fremu. Kwenye fremu ya 412 katikati ya gurudumu la mbele bado haijafika kwenye nguzo, imebakisha nukta 12 za picha, zile zinazoitwa pikseli. Fremu ya 413 imeshaipita kwa pikseli 28. Kwa hiyo katika nafasi moja limesogea pikseli 40, na liligusa nguzo baada ya 12 kati ya hizo 40. Hiyo ni sehemu 0.3, maana yake liligusa kwenye "fremu" ya 412.3.

Gurudumu la nyuma lilibakisha pikseli 20 kwenye fremu ya 417 na kuipita kwa 20 kwenye 418. Liligusa kwenye 417.5.

Tofauti ni nafasi 5.2, sawa na sekunde 0.173. Spidi inakuwa mita 14.8 kwa sekunde, kilomita 53 kwa saa na kidogo. Jicho la anayepima likikosea moja ya tano ya fremu huku au kule, jibu linacheza kati ya 51 na 56 tu. Kutoka upana wa kilomita 23 tumeshuka hadi kilomita 4 au 5, bila kununua kifaa chochote.

Usiku kazi hii huwa ngumu. Kamera hufungua jicho lake kwa muda mrefu ili ipate mwanga, na gari ya mita 15 kwa sekunde ikipigwa kwa thelathini moja ya sekunde husogea nusu mita ndani ya picha hiyo hiyo moja. Gurudumu linakuwa ukungu. Hapo baadhi ya wapimaji hutumia mwanzo wa ukungu kwa magurudumu yote mawili, na hiyo inakubalika, mradi wasichanganye mwanzo kwa moja na mwisho kwa jingine.

Saa ya video inaweza kudanganya

Sehemu inayoangusha kesi nyingi za namna hii si rula, ni saa. Watu huona kwenye boksi la kamera imeandikwa 30 na wanaichukua kama ilivyo.

Kamera nyingi zina menyu ya kuchagua 25 au 30, na zipo zinazorekodi 27.5. Sasa irudie hesabu ya Hiace kwa 25. Nafasi 5.2 zinakuwa sekunde 0.208, na spidi inashuka hadi kilomita 44 na nusu. Video ni ile ile na magurudumu ni yale yale, lakini dereva ametoka juu ya 50 akaingia chini ya 50, tena karibu kabisa na ile 45 aliyoisema mwenyewe.

Njia rahisi ya kukagua ni ile saa inayoandikwa pembeni ya picha. Namba ya sekunde ikibadilika, hesabu fremu mpaka ibadilike tena, lakini usiishie kwenye sekunde moja. Chukua sekunde 20. Ukipata fremu 600, ni 30 kweli. Ukipata 500, ni 25.

Mwenye kompyuta, au simu ya Android yenye Termux iliyowekewa programu ya ffmpeg, anaweza kuliuliza faili lenyewe muda wa kila fremu:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 video.mp4
```

Video safi ya fremu 30 itatoa msururu wa 0.000000, 0.033333, 0.066667 na kuendelea, hatua zikiwa sawa. Ukiona hatua imeruka, kwa mfano kutoka 4.100000 hadi 4.200000, fremu mbili zimepotea hapo. Kamera za bei nafuu zenye kadi chovu hufanya hivyo, hasa zikipata joto juani. Kama upotevu umeangukia katikati ya kipimo, anayehesabu fremu kwa macho atahesabu chache kuliko zilizostahili, na gari itaonekana ina mbio kuliko ilivyokuwa. Tumia muda ulioandikwa, si idadi.

Halafu kuna WhatsApp. Video ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa upya, na ikibanwa pikseli hupungua na mpangilio wa fremu unaweza kubadilika. Ile iliyotumwa kama dokumenti hubaki kama ilivyotoka. Mbaya kuliko zote ni ile ambayo mtu ameichezesha kwenye skrini ya kamera akairekodi kwa simu yake. Hapo kuna saa mbili zisizoelewana, ya kamera na ya simu, na fremu nyingine zitajitokeza mara mbili huku nyingine zikimezwa. Ishara yake ni gari kusimama kwa fremu moja kisha kuruka.

Na gari iliyoegeshwa ina mtego wake wa peke yake. Kamera nyingi zikihisi gari imezimwa huingia kwenye hali ya maegesho, zikapiga labda fremu moja au tano kwa sekunde ili zisijaze kadi, kisha zikaicheza video hiyo kwa 30. Kila kitu kinaonekana kinapaa. Kitu kidogo kinachoweza kuumbua video kama hiyo ni indiketa ya gari yoyote iliyomo kwenye picha, kwa sababu indiketa nzima huwaka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ukiiona inawaka mara saba au nane kwa sekunde, video hiyo imekimbizwa. Mwendo wa watu wanaotembea kwa miguu nao unasema mengi.

Nguzo mbili na kosa la kilomita 27

Mpimaji makini hatoridhika na rula moja. Atataka umbali mrefu zaidi, kwa sababu kosa la fremu moja kwenye nafasi 32 ni dogo kuliko kosa hilo hilo kwenye nafasi tano. Kwa hiyo atatumia nguzo mbili.

Kwenye mfano wetu, ng'ambo ya barabara kuna nguzo mbili zilizopishana mita 24. Hiace inatoka mstari wa nguzo ya kwanza hadi wa pili kwa nafasi 32, sekunde 1.067. Mita 24 gawanya kwa muda huo ni mita 22.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 81 kwa saa.

Hiyo ndiyo ile 80 ya watu wa kibandani! Na ni uongo mtupu.

Hiace haikupita kwenye nguzo. Imepita barabarani, karibu zaidi na kamera. Nyoosha mkono, simamisha vidole viwili vilivyoachana, funga jicho moja: vidole hivyo vinaweza kufunika mlango mzima wa nyumba ya jirani, lakini mdudu anayetoka kidole kimoja hadi cha pili hajatembea upana wa mlango.

Ukipima papo hapo kwa utepe unakuta kamera iko mita 12 kutoka mstari wa nguzo, na mita 8 tu kutoka njia iliyopita Hiace. Mistari miwili inayotoka kwenye kamera kwenda kwenye nguzo inaachana mita 24 ikifika kwenye nguzo. Kwenye njia ya gari inaachana 24 mara 8 gawanya kwa 12, yaani mita 16. (Hesabu hii fupi inakubali pale nguzo zinapokwenda sambamba na barabara. Kama haziendi sambamba, watu wawili na kamba ndefu watamaliza ubishi: mmoja anasimama ilipokuwa kamera, mwengine ananyoosha kamba hadi kwenye nguzo, na pale kamba inapokata njia ya gari panawekwa chaki.)

Mita 16 kwa sekunde 1.067 ni mita 15 kwa sekunde, kilomita 54 kwa saa. Kosa la fremu moja huku au kule linaipeleka kati ya 52 na 56 tu.

Rula ya magurudumu ilitoa 53, ya nguzo imetoa 54. Zinashikana mkono, na hilo linatia moyo kwa sababu makosa ya rula hizi mbili hayahusiani. Mtu angekosea aina ya Hiace, kwa mfano ikawa ile ndefu ambayo magurudumu yake yameachana mita 3.11, jibu la kwanza lingehitaji kuwa karibu 65 na lisingeoana na la pili. Kule kutooana ndiko kungemshtua.

Lakini tahadhari moja hapa husahauliwa hata na wazoefu. Rula zote mbili zimesomwa kwa saa moja. Kama kamera ni ya 25 na si 30, majibu yote mawili yatashuka pamoja, 54 itakuwa 45, na yataendelea kuoana vizuri tu. Kuoana kwa rula hakuthibitishi saa. Saa inakaguliwa peke yake.

Kurudi mahali pa tukio kupima upya si ubunifu wa watu wa ajali za barabarani peke yao. Tarehe 15 Februari 2013 kimondo kilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na kamera za dashibodi za madereva waliokuwa wakienda kazini zilikinasa. Wanasayansi walirudi pale kamera zilipokuwa, wakapiga picha za usiku zenye nyota juu ya nguzo na majengo yale yale, wakazitumia nyota kama rula ya pembe. Walipata spidi ya kilomita 19 hivi, lakini si kwa saa: kwa sekunde. Kanuni ni ile ile ya nguzo za Bububu.

Je, kama gari yenye kamera nayo inakwenda?

Hapo mambo hugeuka, kwa sababu mstari wa kutazama nguzo haukai mahali pamoja tena. Njia ya magurudumu na nguzo moja haifanyi kazi.

Kinachobaki ni alama zilizo kwenye lami yenyewe: kivuko cha punda milia, kiraka cha lami mpya, mwanzo wa tuta, mfuniko wa mtaro. Tairi likikanyaga alama, limeikanyaga hata utazame kutoka wapi. Kwa hiyo unatafuta fremu ambayo tairi la gari linalochunguzwa linakanyaga alama ya kwanza, kisha fremu linayokanyaga ya pili, halafu unakwenda kupima kwa utepe umbali kati ya alama hizo. Zikiachana mita 42 na gari ikatumia nafasi 84, yaani sekunde 2.8, hiyo ni kilomita 54 kwa saa.

Spidi ya gari yenye kamera hupatikana kwa njia hiyo hiyo, ila badala ya tairi unatumia ukingo wa boneti: fremu ambayo alama ya kwanza inamezwa na boneti, na fremu ambayo ya pili inamezwa.

Wenye kamera za JIPIESI huwa na haraka ya kusoma namba iliyoandikwa chini ya picha. Kwa gari inayokwenda mwendo mmoja namba hiyo ni nzuri kabisa. Kwa gari iliyofunga breki ghafla si ya kutegemea, kwa kuwa kwa kawaida hubadilika mara moja tu kwa sekunde na huchelewa nyuma ya ukweli. Video inaweza kuonesha gari imeshasimama na namba bado inasema 30.

Njia ya kukisia kwa jinsi gari inayokuja usoni inavyozidi kuwa kubwa kwenye picha ipo, na kwenye maandishi inapendeza. Kwa kamera ya kawaida ya dashibodi, gari iliyo mbali ni pikseli chache tu, na kukosea moja kunahamisha gari zaidi ya mita nzima. Bora kuitumia pale tu ambapo hakuna alama yoyote kwenye lami.

Spidi ya wapi hasa?

Jibu la 53 au 54 ni wastani wa zile mita chache mbele ya kamera. Si lazima iwe spidi ya wakati wa kugonga. Kama dereva alimwona kijana wa bodaboda akafunga breki baada ya kutoka kwenye picha, aligonga akiwa chini ya hapo. Kama alikuwa ameshaanza kufunga breki ndani ya picha, alikuja akiwa juu ya hapo.

Hili nalo linapimika. Zile mita 16 zinaweza kukatwa nusu kwa kutumia alama ya tatu, tuseme pembe ya ukuta iliyo katikati ya nguzo mbili. Mita 8 za kwanza zikichukua nafasi 16 na 8 za pili zikichukua 16, gari ilikuwa haipungui wala haizidi. Zikichukua 15 na 17, huenda breki zilianza kuuma, ingawa tofauti ya fremu moja haitoshi kusema hivyo mbele ya hakimu. Taa nyekundu za nyuma, kama zinaonekana, zinasema zaidi.

Ndiyo maana ripoti ya mtu anayejua kazi haitosema "gari ilikuwa 53.4". Itasema gari ilipita mbele ya kamera ikiwa kati ya 51 na 56, ikitaja rula iliyotumika, namna saa ilivyokaguliwa, na namba za fremu ili upande wa pili uweze kuhesabu wenyewe. Kwa Hiace yetu, hiyo ina maana dereva alizidi 50 kidogo na hakuwa 45 kama alivyodai. Ina maana pia kwamba ile 80 haikuwepo, na mtu anayeshtakiwa kwa 80 ana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Kadi itolewe leo, si kesho

Hesabu zote hizi hazina faida kama faili limefutika, na kufutika ni rahisi mno. Kamera hizi hurekodi kwa mzunguko: kadi ikijaa, faili la zamani linafutwa kupisha jipya. Kadi ya GB 32 kwa picha za kawaida hujaa kwa kama saa nne au tano za kurekodi. Teksi ikifanya kazi mchana mzima, video ya asubuhi haipo jioni.

Kamera zina kitambuzi cha mtikisiko kinacholifunga faili lisifutwe gari ikigongwa. Lakini teksi ya mfano wetu haikugongwa, ilikuwa imeegeshwa pembeni, na kitambuzi hakikuhisi kitu. Hakuna kilicholifunga faili lile. Dereva wa teksi anayejua amenasa kitu cha maana abonyeze kitufe cha kufunga faili, chenye alama ya kufuli kwenye kamera nyingi, au azime kamera na kutoa kadi kabisa.

Kisha asiikate video wala asiipunguze. Faili zima, lenye dakika moja kabla na moja baada, ndilo linalomwezesha mwengine kukagua saa kwa zile sekunde 20. Na kabla ya kuondoa teksi pale ilipoegeshwa, achore chaki kwenye ardhi mbele ya magurudumu yake, au apige picha ya simu inayoonesha gari, duka na nguzo zote mbili. Siku trafiki atakapokuja na utepe wake, zile mita 8 na mita 12 zitahitaji mtu anayejua kamera ilikuwa wapi.